Bei ya ndugu aliye ng'ambo ya mpaka: faili liwe tayari kabla ya barua ya kodi

KAMPALA. Wafanyabiashara wengi wanaopitisha mizigo Malaba, Busia, Mutukula, Katuna, Mpondwe na Elegu hawauzi kwa wageni peke yao. Wanamuuzia kaka aliyefungua duka Juba, shemeji mwenye bohari Goma, au kampuni dada iliyosajiliwa Nairobi kwa majina yale yale ya wanahisa. Biashara ya ukanda huu imekua hivyo, na haina kosa. Ugumu unaanza pale Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) inapouliza swali moja: kwa nini ndugu ameuziwa kwa bei hiyo?

Kwa kawaida jibu hutafutwa baada ya swali kuulizwa. Mhasibu hukimbilia kwa mshauri, mshauri huandika ripoti nene ndani ya wiki tatu, na ripoti hiyo hupelekwa Nakawa ikiwa na sahihi na mhuri. Makala haya yanashikilia kwamba ripoti ya namna hiyo haimkingi mtu. Bei kwa ndugu wa nje hutetewa na karatasi zilizokuwapo siku bei ilipopangwa, na kazi ya mkaguzi wa hesabu ni kuzipima karatasi hizo kwa yale yaliyotendeka kweli katika daftari, benki na mpakani.

Kesi iliyolifungua suala hili katika Afrika Mashariki inaihusu Uganda moja kwa moja. Mwaka 1995 Unilever Kenya iliingia mkataba wa kutengeneza bidhaa na kuiuzia kampuni dada yake, Unilever Uganda. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipokagua miaka ya 1995 na 1996 iliona kwamba bei aliyotozwa dada wa Uganda ilikuwa chini ya ile waliyotozwa wateja wasiohusiana na kampuni hiyo. Ikaona kuwa faida iliyopaswa kutozwa kodi Nairobi imehamishwa kuvuka mpaka, ikaandika madai ya kodi.

Kampuni ilijibu kwamba bei mbili hazilinganishwi kwa kuangalia bidhaa tu. Lazima kuangalia nani amefanya kazi gani na nani amebeba hatari gani. Kwa kuwa Kenya haikuwa na kanuni za kupima bei ya namna hiyo, kampuni ilijitetea kwa mwongozo wa OECD, shirika la nchi zilizoendelea lenye makao yake Paris. Oktoba 2005 Jaji Alnashir Visram wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba, kukiwa hakuna mwongozo wa nyumbani, mwongozo huo unaweza kutumika. Kampuni ikashinda. Mwaka uliofuata, 2006, Kenya ilitoa kanuni zake.

Uganda ilitoa zake mwaka 2011, nazo zikaanza kutumika Julai 1 mwaka huo. Tanzania ilitoa mwaka 2014 na kuziandika upya mwaka 2018, na Rwanda ikafuata mwaka 2020. Hivyo mlango ambao Unilever ilipitia umefungwa. Leo hakuna mfanyabiashara wa Kampala anayeweza kusema hakujua kipimo, kwa sababu kipimo kimeandikwa: bei kati ya watu wenye uhusiano iwe ile ambayo watu wasio na uhusiano wangekubaliana katika mazingira yanayofanana.

Wengi husoma maneno hayo wakadhani yanawahusu Unilever na wenzake. Kanuni za Uganda zinashika pale ambapo jumla ya miamala na watu wenye uhusiano katika mwaka inazidi pointi za sarafu 25,000. Pointi moja ni Sh20,000, kwa hiyo kizingiti ni Sh500 milioni. Muuzaji wa sabuni, mafuta ya kula au mabati anayepeleka malori machache kwa mwezi hufika hapo kabla ya mwaka kwisha. Hata aliye chini ya kizingiti hayuko huru kabisa, kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato yenyewe inampa Kamishna uwezo wa kurekebisha miamala ya watu wenye uhusiano.

Na uhusiano wenyewe ni mpana kuliko hisa. Kampuni na mtu anayedhibiti asilimia 50 au zaidi ya kura, gawio au mtaji wake wana uhusiano, akiwa peke yake au pamoja na jamaa zake. Jamaa wa damu na wa ndoa wanahesabiwa, isipokuwa Kamishna aridhike kwamba hakuna anayetarajiwa kufuata matakwa ya mwenzake. Hata watu wawili wasio jamaa wanaweza kuhesabiwa kuwa na uhusiano, ikiwa mmoja hutenda kwa maelekezo ya mwingine. Anayesema "yule wa Juba ni mteja tu" ilhali ndiye anayempangia bei ya kuuzia na kumlipia kodi ya bohari, ajue sheria inaliona jambo hilo kwa jicho lingine.

Kwa sababu hiyo mkaguzi mzuri haanzi na bei. Anaanza kwa kutafuta ndugu. Orodha anayopewa na menejimenti ni mwanzo tu, kwa kuwa mara nyingi haijakamilika, wakati mwingine kwa kusahau na wakati mwingine kwa makusudi. Anaichukua leja ya wateja wa nje na kuilinganisha na majina ya wanahisa, wakurugenzi na wamiliki halisi yaliyowasilishwa kwenye ofisi ya usajili ya URSB. Anaangalia nani ana sahihi kwenye akaunti za benki. Anaangalia nambari za simu na anwani zilizo kwenye hati za usafirishaji.

Kisha anatafuta mwenendo usio wa kibiashara. Mteja mgeni akichelewa kulipa siku 90 hupigiwa simu, na mzigo unaofuata huzuiwa. Mteja anayechelewa siku 150 bila kupigiwa simu na bado anapakiwa lori jingine, huenda si mgeni. Vivyo hivyo mteja asiye na mkataba, mwenye bei isiyo kwenye orodha ya bei, au anayeandikiwa hati ya kupunguza deni kila mwezi Juni, siku chache kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Dalili hizi hazithibitishi kitu, lakini kila moja inastahili swali.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba bei inayozungumziwa ni moja. Mauzo yale yale huacha nyayo mahali panne: ankara ya EFRIS, tamko la forodha kwenye mfumo wa ASYCUDA, leja ya mteja na taarifa ya benki. Mkaguzi huchagua shehena kadhaa na kuzifuata katika sehemu zote nne. Idadi ya katoni ifanane, bei ya katoni ifanane, na fedha iliyoingia benki ifanane na ankara.

Hapa ndipo mazoea mabaya ya mpakani hujitokeza. Ndugu wa upande wa pili hutaka thamani ndogo kwenye karatasi ili alipe ushuru mdogo anapoingiza mzigo, na wakala humtengenezea ankara ya pili. Sasa kampuni ya Kampala ina bei mbili kwa katoni moja, na hakuna ripoti ya mshauri inayoweza kuzitetea zote. Ikumbukwe pia kwamba forodha nayo ina kipimo chake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, bei ya ankara kati ya watu wenye uhusiano hukubaliwa tu ikiwa uhusiano huo haukuiathiri bei. Bei ya chini inayopendeza mbele ya afisa wa ushuru ndiyo hiyo hiyo afisa wa kodi ya mapato ataihoji Kampala.

Nyayo zikishafanana, ndipo bei yenyewe inapimwa. Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Tuseme kiwanda cha sabuni kilichoko Namanve kina wateja wa aina tatu. Wauzaji wa jumla wa Kikuubo hulipa Sh60,000 kwa katoni. Mfanyabiashara wa Juba asiye na uhusiano wowote na kiwanda hulipa Sh58,000. Kampuni dada iliyoko Goma hulipa Sh48,000, na kwa mwaka huchukua katoni 40,000. Mauzo ya Goma ni Sh1.92 bilioni, mbali juu ya kizingiti.

Mteja wa Kikuubo si kipimo kizuri cha kuanzia, kwa kuwa soko lake ni jingine. Mteja wa Juba yuko karibu zaidi: bidhaa ile ile, mauzo ya nje, hatua ile ile ya biashara. Tofauti kati yake na Goma ni Sh10,000 kwa katoni. Kwa katoni 40,000 hiyo ni Sh400 milioni, na kwa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30, ni kodi ya Sh120 milioni. Afisa wa URA ataanza na hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo iliyo wazi kwenye orodha ya mauzo.

Menejimenti inatoa sababu nne za tofauti. Ya kwanza, mzigo wa Juba kiwanda huufikisha chenyewe hadi Elegu, ilhali dada wa Goma huja na lori lake kupakia getini Namanve. Mkaguzi anaomba ankara za msafirishaji, anagawa kwa katoni, anapata Sh3,000. Sababu hii ina karatasi na inakubalika.

Ya pili, dada hununua kwa wingi. Hapa swali si kama wingi unastahili punguzo, kwa kuwa kila mtu sokoni anajua unastahili. Swali ni kama kiwanda kimewahi kumpa mgeni punguzo hilo. Orodha ya bei inaonyesha kwamba muuzaji wa Kikuubo anayevuka katoni 20,000 kwa mwaka hupunguziwa Sh2,000, na ankara zinaonyesha kwamba kweli alipunguziwa. Kwa hiyo Sh2,000 zinatetewa. Kama punguzo hilo lingekuwa la Goma peke yake, lisingetetewa na chochote isipokuwa udugu.

Ya tatu, matangazo. Kiwanda hulipia redio na mabango ya Juba, na Goma hujilipia yenyewe. Leja ya matangazo inaonyesha gharama ya Juba ni sawa na Sh1,500 kwa katoni. Mkaguzi haishii hapo. Anaomba pia ankara za matangazo za Goma, ili ajue dada ametangaza kweli, kwa kuwa mtu hapewi bei nafuu kwa kazi ambayo hakuifanya. Zikiwepo, sababu inasimama.

Ya nne, malipo. Mteja wa Juba hupewa siku 60 za kulipa, na ripoti ya mshauri inasema dada wa Goma hulipa kabla ya kupakia. Fedha ina bei yake. Kiwanda kikikopa benki kwa asilimia 18 kwa mwaka, siku 60 juu ya Sh58,000 zinagharimu karibu Sh1,700. Anayelipa mapema anastahili kupunguziwa kiasi hicho.

Ukitoa vyote vinne kwenye Sh58,000, yaani Sh3,000, Sh2,000, Sh1,500 na Sh1,700, inabaki Sh49,800. Bei ya Goma ni Sh48,000. Pengo lisilo na maelezo ni Sh1,800 kwa katoni, au Sh72 milioni kwa mwaka, na kodi yake ni Sh21.6 milioni. Kutoka kodi ya Sh120 milioni hadi Sh21.6 milioni ni safari ndefu, na imetembewa kwa ankara za lori, orodha ya bei na leja.

Lakini mkaguzi hajamaliza. Anafungua leja ya Goma na taarifa ya benki, na kupanga kila ankara na siku ilipolipwa. Anakuta kwamba dada hakuwahi kulipa kabla ya kupakia. Kwa wastani amelipa baada ya siku 150. Sababu ya nne inageuka na kumshitaki aliyeileta. Goma hakulipa mapema kuliko Juba. Amechelewa siku 90 zaidi, na siku hizo kwa asilimia 18 zina thamani ya karibu Sh2,600 kwa katoni. Mgeni angetozwa kiasi hicho ndani ya bei.

Hesabu inaandikwa upya. Sh58,000 toa Sh3,000, toa Sh2,000, toa Sh1,500, kisha ongeza Sh2,600, inakuwa Sh54,100. Pengo sasa ni Sh6,100 kwa katoni, sawa na Sh244 milioni kwa mwaka, na kodi ni Sh73.2 milioni. Sentensi moja ya ripoti, iliyonakiliwa kutoka kwenye mkataba ambao hakuna aliyeufuata, imebadilisha matokeo zaidi ya mara tatu. Mbaya zaidi, afisa akigundua sentensi moja si kweli, hataziamini kwa urahisi zile tatu zilizokuwa za kweli.

Makosa yanayoziangusha faili nyingi ni ya namna hiyo. Kanuni zenyewe mara nyingi zimefuatwa, ila faili linaeleza biashara ambayo haipo. Mkataba unasema dada anabeba hasara ya mzigo ukiharibika njiani, lakini lori lilipopinduka, kiwanda ndicho kilichofuta deni. Ripoti inasema bei hupangwa mwanzoni mwa mwaka, lakini ankara zinaonyesha bei ilibadilishwa Mei, faida ya Kampala ilipoonekana kuwa kubwa. Mkaguzi anayesoma ripoti bila kufungua leja hawezi kuyaona haya.

Kuna utetezi mwingine unaosikika sana Kampala: "Sisi huongeza asilimia sita juu ya gharama, basi." Katika mfano wetu, gharama ya kutengeneza katoni ikiwa Sh45,000, bei ya Sh48,000 ni nyongeza ya karibu asilimia 6.7, na njia ya gharama na nyongeza ni moja kati ya njia tano zinazotambuliwa na kanuni za Uganda. Hata hivyo njia hiyo nayo inahitaji mgeni wa kulinganishwa naye. Asilimia sita imetoka wapi? Ni kiwanda gani kisichohusiana na mnunuzi wake kinachoridhika nayo? Na gharama ya Sh45,000 imehesabiwa kwa matumizi ya kweli au kwa makadirio ya bajeti ya miaka miwili iliyopita? Ikiwa kiwanda kile kile kinamuuzia mgeni wa Juba, URA haitakuwa na sababu ya kwenda mbali kutafuta kipimo kingine.

Washauri hujaza pengo hilo kwa orodha ya kampuni za Ulaya au Asia zilizotolewa kwenye hazina za data, kwa sababu takwimu za kampuni binafsi za Afrika Mashariki hazipatikani kwa urahisi. Hilo halikatazwi, ila ni hoja dhaifu. Kiwanda cha Poland hakikabili umeme wa kukatika, barabara ya kwenda Bunagana wala riba ya asilimia 18. Mauzo ya kampuni yenyewe kwa mgeni, hata yakiwa madogo, yana uzito zaidi, mradi tofauti zielezwe kama ilivyofanyika hapo juu.

Muda nao ni sehemu ya ushahidi. Kanuni za Uganda zinataka maelezo hayo yawe yameandikwa kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka husika. Kwa kampuni inayofunga hesabu Juni 30, siku hiyo ni Desemba 31. Na URA ikiyaomba, mlipakodi ana siku 30 za kuyatoa. Akishindwa, faini ni Sh50 milioni. Faini hiyo ni ya kukosa karatasi tu. Kodi ya pengo inabaki pale pale, pamoja na riba ya asilimia mbili kwa mwezi.

Kwa kiwanda cha mfano wetu, kati ya Juni na Desemba kuna miezi sita ya kurekebisha mambo. Mkaguzi akigundua pengo la Sh6,100 mwezi Septemba, menejimenti inaweza kuongeza mapato hayo kwenye hesabu ya kodi kabla ya kuwasilisha ritani, ikalipa Sh73.2 milioni na kumaliza. Inaweza pia kuandika upya masharti ya Goma kwa mwaka unaofuata: ama alipe mapema kama mkataba usemavyo, ama bei ipande. Jambo ambalo haiwezi kufanya ni kuandika mkataba mpya na kuurudisha tarehe. Barua pepe, hati za kupakia na taarifa za benki zina tarehe zake.

Hadi hapa lawama imeelekezwa kwa wafanyabiashara na wakaguzi wao. Lakini serikali za Jumuiya nazo zina deni. Turudi kwa sabuni ya Goma. URA ikiongeza mapato ya kiwanda kwa Sh244 milioni, vitabu vya dada wa Goma bado vinaonyesha alinunua kwa Sh48,000, na faida yake inatozwa kodi Congo kwa bei hiyo. Faida ile ile imetozwa mara mbili, Kampala na upande wa pili. Kwa haki, Congo ilipaswa kupunguza faida ya dada kwa kiasi kile kile.

Marekebisho ya namna hiyo hufanyika pale penye mkataba wa kodi kati ya nchi mbili. Uganda ina mikataba inayofanya kazi na Uingereza, India, Afrika Kusini na Mauritius, kati ya nyingine. Na jirani zake wa Jumuiya ilitia sahihi mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili Novemba 2010, lakini mkataba huo haujaanza kazi kwa sababu haujaridhiwa na wote waliousaini. Matokeo yake ni ya ajabu: kampuni ya Kampala inayomuuzia dada wa London ina mahali pa kupeleka malalamiko yake, lakini inayomuuzia dada wa Nairobi, umbali wa usiku mmoja kwa basi, haina. Congo na Sudan Kusini, ambako sehemu kubwa ya bidhaa za Kampala huelekea, ziliingia Jumuiya baada ya mkataba huo kutiwa sahihi.

Vyama vya wafanyabiashara vimepigania kwa nguvu vituo vya pamoja vya mipakani na kuondolewa kwa vizuizi vya barabarani, na vikafanikiwa kwa sehemu. Mkataba wa 2010 unastahili kelele hizo hizo. Bila huo, kila nchi itaendelea kuvutia bei upande wake, na anayevutwa ni mwenye mzigo. Lori litapita Malaba kwa saa chache, lakini ugomvi wa bei ya kilichomo ndani utadumu miaka.

URA nayo inaweza kusaidia bila kusubiri mkataba. Kanuni za 2011 zinaruhusu mlipakodi na Kamishna kukubaliana mapema juu ya njia ya kupanga bei. Njia hiyo kwa sasa ni ndefu na ghali kwa kiwanda cha ukubwa wa kati. Kinachohitajika ni utaratibu mwepesi kwa mauzo ya bidhaa za kawaida, kwa mfano pale ambapo muuzaji ana wateja wasiohusiana wa bidhaa ile ile na anaweza kuonyesha tofauti nne au tano kwa ankara. Hilo lingepunguza ripoti nene zisizosomwa na kumwachia afisa muda wa kuwafuata wanaoficha.

Mpaka siku hiyo ifike, ulinzi uko mikononi mwa mwenye biashara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa anayemuuzia ndugu wa ng'ambo, daftari hilo halihitaji kuwa kubwa. Liwe na mkataba unaofuatwa kweli, orodha ya bei inayowahusu wageni na ndugu sawasawa, ankara za kila tofauti inayodaiwa, na karatasi moja iliyoandikwa siku bei ilipopangwa ikieleza kwa nini ni Sh48,000 badala ya Sh58,000. Kisha mkaguzi apewe ruhusa ya kuifungua leja ya ndugu kwa ukali ule ule anaoifungulia ya mgeni, na afanye hivyo kabla ya Desemba.